Bismarck hakuwa na huruma hivyo

"Jamani nina insha, mbona nchi zingine zinalinda raia wake kuliko zingine?"

Anzia Ujerumani 1883, kansela wao Bismarck alikuwa anaogopa wajamaa wasije wakamchukulia wafanyakazi, ndo akaleta bima ya afya, mfanyakazi anachangia theluthi mbili na mwajiri theluthi moja, halafu 1889 ikaja pensheni ya uzee ila mpaka ufikishe miaka 70 (wangapi walifika sasa!). Mfumo huo umefungwa kwenye ajira, huna mshahara huna mchango. Waingereza 1948 wakapita njia nyingine, matibabu yanalipwa hasa na kodi, hata asiye na kazi anatibiwa. Ndo maana nchi yenye vibarua wengi ikiiga ya Mjerumani, wengi wanabaki nje.