Kreti Zilizofika Kwenye Simu Tu

Ofisi yetu ya Tukuyu inakusanya parachichi aina ya Hass kwa wakulima, na kila Ijumaa jioni tunatuma taarifa ya wiki kwa bosi aliyeko Mbeya mjini. Tunaandika kwa zamu. Mtunza stoo huanza na yaliyofanyika, maana anapenda sifa. Mhasibu huanza na yaliyokwama, maana kwake hela haijawahi kutosha. Afisa ugani huanza na ya wiki ijayo. Anasema yaliyopita si yameshapita?

Msimu ulipoanza mtunza stoo alishika zamu muda mrefu, bosi akazoea kwamba mstari wa kwanza ni kazi iliyokwisha. Kisha zamu ikamwangukia afisa ugani, akatuma hivi:

"Kupokea kreti 300. Vikundi vya Masoko na Kyimo kuchuma. Barabara ya juu haipitiki, mvua. Wakulima wamefundishwa kukata kikonyo."

Bosi alikuwa msibani. Alichungulia simu chini ya kanzu, akaona kreti 300, moyo ukamtulia. Kreti zenyewe zilikuwa bado Dar es Salaam kwa muuzaji, zinasubiri malipo. Yeye akawapigia wenyeviti wa vikundi: vifaa vimefika, kesho chumeni.

Jumamosi nilikuwa peke yangu ofisini. Saa tatu asubuhi getini bodaboda zimepangana, kila moja na viroba viwili vya parachichi, na nyuma yao canter imejaa hadi juu. Mama mmoja akanisogelea.

"Ugonile, mwanangu. Kreti ziko wapi?"

"Zinakuja, mama."

"Mwenyekiti kasema zimefika."

"Zimefika kwenye simu, mama."

Akaniangalia kama anayepima kama nimekunywa chai.

Sasa, parachichi lina tabia yake: haliivi mtini. Likikomaa linaweza kuning'inia wiki kadhaa likiwa gumu vilevile, lakini ukishalikata, safari ya kuiva imeanza na huwezi kulirudisha. Lingeingia kwenye kreti, likapelekwa kwenye chumba cha baridi, lingetulia. Ndani ya kiroba linagandamizwa na wenzake, linachubuka, na mnunuzi wa nje halitaki. Tukauza sokoni kwa bei ya kutupa, na yaliyobaki tukala. Tulikula parachichi na mkate, na wali, na kande. Mlinzi alipaka nywele.

Jumatatu bosi alifika mwenyewe, taarifa ya Ijumaa mkononi, imechapwa. Akamuuliza afisa ugani: "Kupokea kreti. Mmepokea au mtapokea?" Afisa ugani akajibu kwamba inategemea. Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi! "Kupokea" halisemi ni lini. Mahali lilipokaa ndipo panaposema, na pahala pake palihama kila zamu ilipobadilika.

Mhasibu alitaka yaliyokwama yatangulie, kwa hoja kwamba bosi husoma mwanzo tu. Si hoja mbovu. Lakini bosi alikuwa ameshazoea mafanikio kwanza, na kumzoesha upya katikati ya msimu ni kutafuta viroba vingine. Tukakubaliana: Yaliyofanyika, Yaliyokwama, Yanayofuata, kila wiki, zamu iwe ya yeyote. Sehemu isiyo na kitu haifutwi, inaandikwa "Hakuna", maana ukiifuta ya chini inapanda na kukaa mahali pake. Jambo lililokwama linataja nani anaweza kulikwamua na tangu lini limekaa. Na kila kilichokuwa Yanayofuata wiki iliyopita lazima kionekane wiki hii juu, ama kimefanyika ama kimekwama. Kisipoonekana popote, kuna mtu amekificha.

Ile ya Ijumaa tukaiandika upya palepale, bosi akisimama nyuma yetu:

"YALIYOFANYIKA: Wakulima wamefundishwa kukata kikonyo.
YALIYOKWAMA: Kreti 300 ziko Dar, hazijalipiwa, mwenye saini ni bosi, tangu Jumanne. Barabara ya juu haipitiki.
YANAYOFUATA: Kupokea kreti. Baada ya hapo, Masoko na Kyimo kuchuma."

Bosi akasoma mstari wa pili mara mbili. Akakohoa, akaomba kalamu.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya mhasibu. Kreti zilikuwa zimefika kweli, zimeandikwa juu kabisa, zimehesabiwa. Chini yake akaweka:

"YALIYOKWAMA: Viroba viwili vya parachichi vilivyoiva sana, chini ya meza yangu, tangu Jumamosi ile. Anayeweza kukwamua: yeyote mwenye mkate."