Mnahesabu chupa za damu, kalsiamu je?

Barabara yetu hii ya kutoka Dodoma kwenda Morogoro inatuletea majeruhi kila wakati, na kila ikitokea mtu kaletwa anavuja damu nyingi utasikia watu wanabishana kuhusu uwiano wa damu ya kumwongezea, eti moja kwa moja kwa moja, yaani chembe nyekundu moja, plazma moja ambayo ni maji maji ya damu, na plateleti moja, vile vichembe vya kugandisha. Sawa, uwiano ni mzuri, mimi sipingi. Ninachosema ni kwamba huo uwiano wenyewe una deni lake, na deni hilo wengi hatulilipi.

Tuanze na kwa nini watu waliuhamia. Mtu anayevuja damu havuji chembe nyekundu peke yake, anapoteza na vitu vya kugandisha, sasa ukimjazia chembe nyekundu na drip za chumvi tu unazidi kumzimua, anakuwa mwekundu kidogo ila damu yake haigandi. Utafiti wa PROPPR uliotoka Marekani 2015, majeruhi 680, ulilinganisha 1:1:1 na 1:1:2, yaani plazma moja na plateleti moja kwa chembe nyekundu mbili. Vifo vya jumla havikutofautiana vya kutosha kusema kwa uhakika, ila waliokufa kwa kutokwa damu ndani ya saa 24 walikuwa 9.2% upande wa 1:1:1 na 14.6% upande wa pili. Hapo ndo nguvu ya uwiano ilipo, masaa ya mwanzo.

Sasa chukua mgonjwa wa kutunga, kijana wa bodaboda wa kilo 60 kagongwa na lori maeneo ya Kibaigwa, nyonga imevunjika, usiku wa Julai na mnajua baridi ya Dodoma mwezi wa saba ilivyo. Anafika na presha 70/40, mapigo 136, joto 34.6. Nyonga imefungwa shuka kwa nguvu, kapewa traneksamiki asidi, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu moja kwa dakika kumi maana bado yuko ndani ya saa tatu tangu aumie, damu ya grupu O inaingia bila kusubiri krosmachi, kile kipimo cha kuona kama damu mbili zinapatana. Chupa nne za chembe nyekundu, plazma nne. Upasuaji umeanza, mshipa mkubwa umeshabanwa, lakini presha haipandi, na pale penye kanula damu inachuruzika, hata kwenye jeraha dogo la mkono. Watu wanaitisha plazma nyingine.

Ngoja kwanza. Kila mfuko wa damu una sitreti, ndo inayoizuia isigande frijini, na inafanya hivyo kwa kuikamata kalsiamu. Ini la mtu mzima mwenye afya linaichoma haraka, kama gramu 3 kwa dakika tano hivi, ambayo ni sawa na mfuko mmoja. Ini la huyu kijana halipati damu na limepoa, kwa hiyo sitreti inabaki inazunguka na kuikamata kalsiamu yake yeye. Bila kalsiamu damu haigandi, moyo unasukuma kinyonge, mishipa inalegea. Na kitu kinachonikera ni hiki, plazma na plateleti ndo zina sitreti nyingi kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo kadiri unavyofuata uwiano vizuri ndo unavyozidi kuimaliza kalsiamu!

Usitegemee kalsiamu ya jumla ya maabara, itakudanganya, kwa sababu hata ile iliyokamatwa na sitreti inahesabiwa. Unataka kalsiamu huru, ile inayosomwa na mashine ya gesi za damu. Kijana wetu anasoma milimoli 0.82 kwa lita, na mimi nataka iwe juu ya 1.1. Kama mashine haipo, angalia kwenye ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kama sehemu ya QT imerefuka, ila usisubiri, baada ya kila chupa nne hivi mpe kalsiamu kloraidi ya 10% mililita 10, au glukoneti mililita 30, maana glukoneti ina kalsiamu theluthi tu ya kloraidi na wengi wanasukuma 10 halafu wanashangaa haijabadilika kitu. Ipite laini yake, isichanganyike na damu, itaigandisha humo humo kwenye mrija. Kloraidi itafutiwe mshipa mkubwa, ikivuja nje inaunguza nyama.

Halafu baridi. Damu inatoka frijini nyuzi 4, chupa nne zikiingia hivyo hivyo zinamtoa mtu karibu nyuzi moja nyingine. Akishuka chini ya 35 plateleti zinakuwa butu na vimeng'enya vya kugandisha vinasinzia, na cha kuudhi zaidi vipimo vya kuganda maabara vinafanyika kwa nyuzi 37, majibu yanarudi mazuri huku shuka linalowa. Mashine ya kupashia damu ndo jibu, na kama haipo basi mkausheni, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni mpaka kichwa, zimeni AC ya theata hata kama dokta anatoka jasho. Msitumbukize mfuko kwenye ndoo ya maji ya moto, ikivuka 42 chembe zinapasuka na potasiamu inamwagika ndani ya mgonjwa.

Plateleti je, kama hazipo? Kwetu mara nyingi hazipo, zinakaa siku tano tu kwenye joto la kawaida tena zikitikiswa. Hapo mimi naomba damu nzima, ambayo haijatenganishwa, iliyotolewa karibuni na kupimwa magonjwa yote, uwiano uko ndani yake tayari. Na sitreti nayo imo, kwa hiyo kalsiamu iwe imeshavutwa kwenye sindano kabla mfuko haujatundikwa.