Kimo cha bwana harusi

Jumamosi jioni, maharusi wa Tanga wakipigwa picha Raskazone kando ya bahari, si ajabu kumsikia mpiga picha akisema: "Bibi harusi, vua viatu." Gauni linafunika miguu, bwana anaonekana kamzidi mkewe, na ndugu wanaridhika.

Wapo wanaosema hayo ni maumbile: mwanamke humtaka mwenye nguvu za kumlinda. Hoja hiyo inapimika. Chukua watu wa sehemu moja, uwaozeshe kwa kura, kwenye karatasi tu. Kwa kuwa kuna wanaume wafupi na wanawake warefu, kura itatoa ndoa kadhaa ambazo mke kamzidi mume. Ndoa za kweli zikiwa na wake wa aina hiyo wachache kuliko kura, ujue watu wanachagua kimo. Marekani, utafiti wa 1980 uliotumia fomu za benki ulikuta mke mmoja tu aliyemzidi mumewe katika ndoa 720. Kura ingetoa kama 14.

Sasa njoo hapa kwetu, Ziwa Eyasi. Rebecca Sear na Frank Marlowe waliwapima Wahadzabe, na 2009 wakaandika kwamba wake waliowazidi waume zao walikuwa kama 8 katika kila ndoa 100, sawa na kura. Hawa ni wawindaji na warina asali, ambao nguvu za mume huchangia chakula cha nyumba. Kama ni maumbile, yangeonekana kwao kwanza. Mimi naona sababu ni nyingine: Mhadzabe humjua mchumba wake, uwindaji wake na tabia zake, kwa hiyo hana haja ya kumkisia kwa urefu.

Kwenye uongozi mambo yanafanana. Wagombea warefu wa urais Marekani wamekuwa wakipata kura nyingi zaidi, na wapiga kura wale ni mamilioni ya watu wasiowahi kukaa nao. Mzee Mwinyi, ambaye hakuwa mrefu, alipitishwa 1985 na vikao vya chama, na watu waliofanya naye kazi miaka mingi.

Siwezi kusema urefu ni bure kabisa. Anne Case na Christina Paxson wameonyesha kuwa watoto warefu hufanya vizuri kidogo kwenye mitihani ya akili, kwa sababu lishe inayorefusha mifupa ndiyo inayojenga ubongo. Lakini huo ni wastani wa maelfu ya watu. Haukuambii lolote kuhusu huyu andunje aliyekuja kuposa.

Je, upendeleo huu unafifia? Kwa ndoa za mshenga haukuwahi kuwa na nguvu sana: wazee huuliza dini, ukoo na kazi. Ila vijana wa Ngamiani sasa wanatafutana kwenye simu, na baadhi ya programu za uchumba zinaruhusu kuchuja watu kwa sentimita. Mshenga angalau alimfikisha mfupi sebuleni akasikilizwa. Huku anaondolewa kabla hajasalimia. Kwa hiyo kwa upande wa uchumba, nadhani unaongezeka.