Miguu Haifi, Daktari

Wiki iliyopita, katika kikao kimoja cha watumishi wa afya hapa Dar es Salaam, msemaji mmoja alieleza kwamba mkalimani wa lugha ya alama ni mdomo wa kukodi unaorefusha foleni. Sikumjibu, kwa sababu wakati huo mimi ndiye niliyekuwa nikiyaweka maneno yake mikononi kwa ajili ya viziwi waliokuwa ukumbini, na mkalimani akiwa kazini hana maoni. Sasa nimetoka kazini.

Mama mmoja kijacho, kiziwi, ambaye ameniruhusu kulisimulia hili bila kumtaja, alikuwa amepangiwa upasuaji kwa sababu mtoto wake wa kwanza alikuwa ametanguliza makalio tumboni. Haikuwa dharura, tarehe ilijulikana siku kadhaa kabla. Asubuhi hiyo daktari aliingia wodini akiwa amekwisha kuvaa kofia ya chumba cha upasuaji, akasimama miguuni pa kitanda, akanitazama mimi na kusema: "Mwambie atachomwa sindano mgongoni, miguu itakufa ganzi, mtoto atatolewa, basi. Asaini hapa."

Anayesikia amekua na maneno hayo. Amekalia mguu mkekani, ukafa ganzi, akachechemea kidogo, ukapona, na hakuna aliyeufanyia matanga. Kiziwi aliyekulia katika alama hana mazoea hayo: nikiweka alama ya kufa juu ya miguu, ataona miguu iliyokufa. Nilichagua kuonyesha miguu inayolala na kuwa mizito, lakini kinacholala huamka, na daktari hakuwa amesema kitaamka lini. Nilijua kwamba kwa kawaida huchukua saa mbili hadi nne, ila si kazi yangu kujaza alichokiacha daktari, maana dawa na kipimo anavijua yeye.

Mama akatikisa kichwa kuitikia, na daktari akasogeza kalamu. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kiziwi huitikia kwa kichwa ili kukujulisha kwamba anakuona na uendelee, kama sisi tunavyosema "ehee" katika simu, hajakubali chochote. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye miguu yake mwenyewe.

"Daktari, mkalimani anaomba ufafanuzi," nilisema. "Miguu inarudi baada ya muda gani, na je, atakuwa macho?"

"Wewe mwambie asiogope."

Nikamwambia asiogope, kwa kuwa ndiyo maelezo niliyopewa. Kisha nikaomba aulizwe ameelewa nini. Mikono yake ilisema polepole, nami nikatoa sauti kwa nafsi ya kwanza, kama taratibu za kazi yetu zinavyotaka: "Nimeelewa kwamba sitatembea tena. Jirani aliniambia sindano hiyo hupoozesha. Kama ndiyo njia pekee ya kumpata mtoto, nitasaini."

Daktari alikaa kitandani. Alieleza, safari hii akimtazama yeye, kwamba sindano huchomwa chini kabisa ya mgongo, mahali ambapo uti wenyewe umekwisha kuishia. Kwamba si nusu kaputi, kwa hiyo atakuwa macho. Kwamba atahisi kuvutwa na kukandamizwa bila maumivu ya kisu. Na kwamba miguu ingerudi siku hiyohiyo. Akisikia maumivu hata kidogo tu, aseme. Yote hayo yalichukua dakika tatu hivi, ambazo nakiri, kwa shingo upande, kwamba hakuwa nazo: wanawake wengine wanne walisubiri chumba hichohicho.

Mama akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu alikuwa amelifikiria: "Nitasema kwa kutumia nini?"

Kwenye meza ya upasuaji mikono hunyooshwa juu ya vibao na mara nyingi hufungwa, pazia huinuliwa kifuani, na barakoa hufunika midomo yote. Kwa kiziwi, huko ni kuzibwa mdomo na kufumbwa macho kwa pamoja. Isitoshe, kanula ya dripu ilikuwa tayari imewekwa mkono wa kulia, ule anaoutegemea kuzungumza. Sista aliihamishia kushoto huku akinung'unika, na haki yake, kwani mshipa wa kwanza alikuwa ameutafuta kwa taabu. Mkono wa kulia uliachwa huru, nami nikasimama upande wa kichwa, karibu na mtoa ganzi, ambako angeniona bila kugeuza shingo.

Kuhusu wanaopendekeza mama mkwe au mtoto wa darasa la tano afanye kazi hii, leo sina nguvu.

Katikati ya upasuaji mkono ule uliinuka: "Wananivuta. Hainiumi." Nikalitamka, na mtoa ganzi akaitikia. Jioni mama alinionyesha kidole gumba cha mguu kikicheza chini ya shuka.

Kesho yake daktari alipita wodini, akasimama palepale miguuni pa kitanda, akanitazama mimi. "Anaendeleaje?"

Nililiweka swali mikononi kama lilivyotoka. Mama akageuka kutazama kitanda cha jirani, kujua ni nani anayeulizwa habari zake.