Kiangazi Kilivyoipa Mashine Maksi za Bure

Bosi wetu ana mapenzi mawili hapa duniani: supu ya asubuhi na Eksel. Supu huinywa kimya. Eksel huwa hainyamazi.

Tulikuwa na jedwali la mvua la kituo kimoja cha Kanda ya Kati, mwaka 1961 hadi 1980, limepigwa taipu kwenye karatasi mbili ambazo zimekuwa rangi ya chai ya maziwa. Miaka 20, kila mwaka miezi 12 na jumla yake mwishoni, kwa hiyo seli 260 ukiacha safu ya mwaka. Programu mpya ya kusoma majedwali kutoka kwenye picha ilikuwa imeshazisoma karatasi zile. Kabla hatujaipa maboksi mengine yaliyojaa stoo, ilibidi tujue inapatia kiasi gani. Njia ni ile ile ya siku zote: mtu achape jedwali kwa mkono, nakala yake iwe rejea, halafu seli moja moja zilinganishwe.

Wa kuchapa alikuwepo. Mama mmoja mstaafu wa uhasibu, huitwa kazi zikizidi, na sisi tunamwita Mama Hesabu. Akachapa asubuhi moja huku akilalamikia wino.

Bosi akakataa mtu mwingine asiguse ulinganisho. Akaweka kazi ya Mama kwenye shiti ya Rejea, ya programu kwenye shiti ya Mashine, akaandika fomula mwenyewe, ulimi nje kidogo kama fundi anayepitisha uzi kwenye sindano:

```
=SUMPRODUCT(--(Rejea!B2:N21=Mashine!B2:N21))/260
```

Ikatoka asilimia 62. Mashine imepatia seli 162.

Bosi alifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kumbe tangu mwanzo hakuitaka ile programu. Alikwenda kikaoni mbio mbio, akatangaza kwamba mashine imefeli, binadamu oyee, na kwamba Mama Hesabu anastahili keki. Keki ikaagizwa. Mimi nikaambiwa niandike ripoti ya kifo cha programu.

Sasa ripoti ya kifo inataka sababu ya kifo. Nikafungua shiti zote mbili, nikaziweka sambamba. Miaka ya 1961 hadi 1970 ilikuwa safi, seli 126 kati ya 130. Kuanzia 1971, vurugu tupu. Nikatazama mstari wa 12 wa mashine, nikakuta hauna mvua, una maneno: Jan, Feb, Machi. Karatasi ya pili inaanza kwa kurudia vichwa vya safu, na mashine, kwa utiifu wake, ilivisoma kama mstari wa kawaida. Basi kila mwaka ukasukumwa chini nafasi moja. Mvua ya 1971 ikawa inasahihishwa kwa majibu ya 1972, ya 1972 kwa majibu ya 1973, na 1980 ikabaki nje ya fomula kabisa.

Hapo nikajiuliza: kama ukurasa wa pili wote umehama, hizo alama 36 za ziada zimetoka wapi?

Zimetoka kwenye jua. Huko Kanda ya Kati, Juni, Julai na Agosti hakudondoki kitu, ni 0.0 mwaka hadi mwaka. Hata ukilinganisha mwaka usio wake, sifuri ni sifuri. Mistari 9, miezi 3, alama 27 za bure. Septemba na Oktoba zikachangia 9 nyingine kwa bahati. Kituo hiki kingekuwa Bukoba, ambako hata Julai hupata mvua, mashine ingeanguka hadi karibu asilimia 50.

Nikamwita bosi. Nikamwonyesha kwamba mstari hutafutwa kwa jina lake, siyo kwa mahali ulipokaa. Hapa jina ni mwaka ulio kwenye safu ya A:

```
=INDEX(Mashine!B:B,MATCH($A2,Mashine!$A:$A,0))
```

Tukavuta fomula hiyo jedwali zima, tukalinganisha upya. Seli 247 kati ya 260, asilimia 95. Bosi akakaa. Keki ilikuwa imeshafika, imeandikwa "Hongera Mama" kwa krimu ya waridi.

"Bado 13 zimekosewa," akasema, kama mtu anayeshikilia jani ili asizame.

Nikasema tuzitazame moja moja kwenye karatasi yenyewe, maana shiti mbili zikibishana, hakimu ni karatasi. Tukachukua lenzi. Seli 4 zilikuwa za mashine kweli: mara imemeza nukta, 112.4 ikawa 1124, mara imeona 3 mahali pa 8. Hizo 9 zilizobaki, mashine ilikuwa sahihi.

Tano kati yake karatasi ina TR. Watu wa hali ya hewa huandika hivyo mvua ikinyesha kidogo mno, kipimo kikashindwa kuipima. Mashine iliandika TR. Mama aliandika 0. Moja, Mama aligeuza tarakimu, 61.8 ikawa 68.1. Na tatu zilikuwa kwenye safu ya jumla, zimetofautiana kwa milimita chache tu. Hizo zilinishinda. Nikamfuata Mama, alikuwa anakata keki yake.

"Mama, shikamoo. Hii jumla ya 1966, karatasi inasema vingine."

"Marahaba. Karatasi imekosea, mwanangu."

"Kwa hiyo uliirekebisha?"

"Nilijumlisha upya. Miaka mitatu yule karani aliharibu. Mimi nimefanya uhasibu tangu wewe hujazaliwa, hesabu ya uongo siwezi kuichapa kwa mkono wangu."

Na kweli, nilijumlisha, Mama yuko sahihi na karani wa zamani ndiye kachemka. Ila swali letu halikuwa mvua ilinyesha kiasi gani. Swali lilikuwa karatasi imeandikwa nini, na mashine ilikuwa inanyimwa alama kwa kuisoma kama ilivyo.

Bosi, aliyekuwa nyuma yangu na sahani, akauliza kwa sauti ndogo: "Tukipima kwa karatasi, Mama anapata ngapi?" Makosa 9 kwenye seli 260, asilimia 96.5. Mashine ina makosa 4. Mwalimu kazidiwa na mwanafunzi kwenye mtihani aliousahihisha mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumwambia Mama. Kisu cha keki alikuwa nacho yeye.

Usidhani mashine ilitoka mzima. Ilikuwepo seli ambayo shiti zote mbili zilikubaliana na bado ilikuwa kosa. Februari 1978 karatasi ni tupu, haikupimwa. Mama aliiacha tupu, mashine ikaweka 0. Kwa Eksel, seli tupu ukiilinganisha na 0 kwa alama ya `=`, inakujibu TRUE bila haya. Mwezi ambao haukupimwa ukageuka mwezi wa ukame katikati ya msimu wa mvua. Tuliigundua tulipobadilisha `=` kwa `EXACT`, inayoona tupu na sifuri ni vitu viwili. Makosa ya mashine yakawa 5, seli sahihi 255, asilimia 98.1. Ukiondoa ile miezi mitatu ya sifuri isiyomshinda mtu, ni 195 kati ya 200, yaani 97.5, na hiyo ndiyo niliyoandika kwanza kwenye ripoti.

Ikabaki kutengeneza rejea safi. Bosi akamwomba Mama, kwa adabu zote na kipande cha pili cha keki, achape upya kila kitu kilivyo kwenye karatasi, TR ziwe TR, makosa yabaki makosa, na mtu wa pili naye achape lake bila kuchungulia. Mama alivuta pumzi, akachapa. Tulipofungua faili, zile jumla tatu zilikuwa zimerudi vile vile, na kila moja ina maoni pembeni kwa herufi kubwa: "IMEANDIKWA HIVI KWENYE KARATASI. MIMI SIMO."