Nyota inayochomoza na maelewano ya wenzi: mlango mmoja, dakika kumi na mbili

Mtu anaposema nyota yake ni Simba au Ndoo, kwa kawaida huwa anataja nyota ya jua, yaani ile ambayo jua lilikuwamo siku aliyozaliwa. Mnajimu anayeshauri wenzi haridhiki na hiyo. Huuliza pia saa na mahali pa kuzaliwa, kwa sababu anaitafuta nyota inayochomoza, ambayo ni ile iliyokuwa ikipanda kwenye upeo wa mashariki wakati mtoto anazaliwa. Hoja yake ni kwamba nyota ya jua hueleza kiini cha mtu, na kiini huchukua muda kuonekana, ilhali nyota inayochomoza hueleza namna anavyoingia mahali, anavyosalimu, anavyojibu anapoulizwa jambo kwa ghafla na anavyoianza siku yake. Wenzi, wasema wanajimu, huishi na mwenendo huo asubuhi na jioni, na kwa hiyo nyota mbili zinazochomoza zikikosana, mambo madogo yatawachosha hata kama nyota zao za jua zinapatana vizuri.

Nusu ya hoja hiyo naikubali. Ili kuipima nusu ya pili, inafaa kuitazama kwa wenzi wawili wa mfano.

Mume ana Mapacha inayochomoza, na mke ana Nge. Jioni mume akifika nyumbani huanza kuzungumza akiwa bado mlangoni, mkoba ukiwa begani: aliyekutana naye, alichosikia, swali moja, kisha swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Mke yuko mezani akimaliza alichokuwa akikiandika. Hainui kichwa mara moja, na akimaliza hujibu swali moja tu, lile analoliona lina uzito. Mume huona amepokewa kwa ubaridi, naye mke huona amevamiwa. Hakuna aliyekosea, na pengine hakuna hata neno baya lililosemwa, lakini mandhari hiyo ikijirudia kila jioni kwa miaka mitatu hugeuka kuwa malalamiko.

Mnajimu akiletewa ramani za wawili hawa, yaani michoro ya anga la saa walizozaliwa, hana haja ya kusitasita. Mapacha ni nyota ya hewa na hutawaliwa na Utaridi, sayari ya maneno na mwendo wa haraka. Nge ni nyota ya maji na hutawaliwa na Mirihi, ambayo katika Nge husomwa kama nguvu inayojificha na kupima kabla ya kutenda. Kati ya nyota hizo mbili kuna digrii 150, umbali ambao unajimu wa kale uliuhesabu kuwa ni wa nyota zisizoonana. Zaidi ya hayo, ramani hugawanywa katika sehemu kumi na mbili ziitwazo nyumba, na nyumba ya saba, ile ya mwenzi, daima hukaa mkabala na nyota inayochomoza. Kwa mume nyumba hiyo imeangukia Mshale, kwa hiyo husemwa kwamba anatamani mwenzi aliye wazi na mwenye furaha ya kusikiliza. Kwa mke imeangukia Ng'ombe, kwa hiyo husemwa kwamba anatamani utulivu usiohitaji maneno. Kila mmoja anamngoja mtu ambaye mwenzake siye, na lazima tukiri kwamba maelezo hayo yanaikaa jioni yao kama nguo iliyopimwa.

Tatizo linaanzia kwenye saa. Dunia hujizungusha mara moja kwa muda wa saa 24 hivi, na katika muda huo digrii zote 360 za mzunguko wa nyota hupita kwenye upeo wa mashariki. Kwa wastani, basi, digrii moja hupanda kila dakika nne, na nyota nzima hupanda kwa saa mbili. Huo ni wastani unaofaa karibu na ikweta. Katika nchi za kaskazini ya mbali Samaki na Kondoo hupanda upesi mno, huku Mashuke na Mizani zikichukua muda mrefu zaidi, na matokeo yake ni kwamba huko watu wenye Mizani inayochomoza ni wengi kuliko wenye Kondoo. Mtu wa huko anayestaajabu kwamba kila anayempenda ana Mizani inayochomoza huenda anastaajabia tu jinsi dunia ilivyoinama.

Turudi kwa yule mume. Tuseme cheti chake kinaonyesha alizaliwa saa moja kamili asubuhi, na kwa saa hiyo nyota inayochomoza iko digrii ya 28 ya Mapacha. Saa kamili katika cheti zinapaswa kutiliwa shaka kidogo, kwani watoto hawazaliwi kwa kufuata mshale mrefu wa saa, na aliyeandika huenda alikadiria baada ya kazi kutulia. Ikiwa mtoto alizaliwa dakika kumi na mbili baadaye, kinachochomoza kimesogea digrii tatu hivi, kimevuka mpaka, na sasa kiko digrii ya kwanza ya Kaa. Kaa ni nyota ya maji kama Nge, na kati yao kuna digrii 120, pembe ambayo karibu kila mwalimu wa unajimu huihesabu kuwa ya upatano wa asili. Wenzi waliokuwa hawaonani wamekuwa ndugu wa maji, wanaoelewana bila kusemezana.

Lakini mume bado yuko mlangoni na mkoba begani, akiuliza swali la pili kabla la kwanza halijajibiwa. Alichofanya jioni hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maelezo: mazungumzo yake, yaliyokuwa wepesi wa Mapacha, sasa yatasomwa kama wasiwasi wa Kaa anayehakikisha kwamba nyumbani ni salama. Maelezo yote mawili yanamkaa vizuri, na hapo ndipo ninaposhindwa kuwafuata wanajimu. Chombo kinachoweza kueleza jioni hiyohiyo kwa ugomvi wa nyota na pia kwa upatano wake hakijaieleza bado.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo, nalo huwapata hasa wanaohesabu saa kwa Kiswahili. Mtu aliyezaliwa saa mbili asubuhi akijaza 02:00 kwenye programu ya ramani, badala ya 08:00, amejirudisha nyuma saa sita, ambazo ni robo ya mzunguko mzima, na atapewa nyota iliyo hatua tatu hivi mbali na inayomhusu. Wapo wanaoisoma nyota hiyo ya kimakosa kwa miaka na kujiona ndani yake waziwazi. Sisemi hivyo kwa kuwacheka. Maelezo ya namna mtu anavyoonekana kwa wengine huandikwa kwa upana ambao wengi wetu tunaweza kuingia.

Sasa ile nusu ninayoikubali. Kwamba namna ya kuanza ina uzito kati ya wenzi kumeonekana nje ya unajimu kabisa. Mwaka 1999 Sybil Carrère na John Gottman walichapisha utafiti uliofuata jozi 124 za wenzi waliokuwa wapya katika ndoa. Kila jozi ilirekodiwa ikijadili jambo lililokuwa likiwagombanisha, na watafiti wakaona kwamba dakika tatu za mwanzo za mazungumzo hayo, kwa hisia zilizoonyeshwa na namna jambo lilivyoletwa, zilisaidia kutabiri ni nani wangeachana katika miaka sita iliyofuata. Utafiti huo haukuuliza saa ya kuzaliwa. Ulitazama sauti, uso na maneno ya mwanzo, yaani mambo yaleyale ambayo mnajimu huyapa nyota inayochomoza. Wanajimu wameelekeza kidole mahali palipo na kitu, hata kama wamekosea kuhusu kilichokileta hapo.

Hata hivyo, mwenendo kuwa na uzito hakumaanishi kwamba mwenendo wa watu wawili unaweza kulinganishwa kabla hawajakutana. Mwaka 2017 Samantha Joel, Paul Eastwick na Eli Finkel walichapisha jaribio la aina hiyo. Watu walijaza maswali kuhusu tabia zao na wanachokitaka kwa mwenzi, zaidi ya vipengele 100, kisha wakakutanishwa mmojammoja kwa dakika chache. Kompyuta iliweza kubashiri kwa kiasi fulani nani angependwa na wengi, na nani alikuwa mwepesi wa kupenda. Haikuweza kubashiri kwamba fulani hasa angemvutia fulani hasa. Ikiwa majibu ya watu wenyewe juu ya nafsi zao hayakutosha kuufikia mvuto wa jozi moja, ni vigumu kuona jinsi dakika ya kuzaliwa, iliyokadiriwa na mtu mwingine, ingeufikia.

Wanajimu wanaweza kujibu, kwa haki, kwamba jaribio hilo halikugusa ramani. Lipo lililogusa, na lilifanywa na mtu aliyeupendelea unajimu. Carl Jung, daktari wa akili kutoka Uswisi, alikusanya ramani za jozi 483 za wenzi waliooana, kwa mafungu matatu, na kuyachapisha matokeo mwaka 1952. Katika fungu la kwanza, la jozi 180, ulinganifu uliojitokeza zaidi ulikuwa wa mwezi wa mke na jua la mume. Katika la pili, la 220, ukawa wa mwezi na mwezi. Katika la tatu, la 83, ukawa wa mwezi na nyota inayochomoza. Kila mmoja kati ya hizo ni ulinganifu ambao mapokeo ya kale yaliutaja kuwa wa ndoa, na mtu akiliona fungu la tatu peke yake angeshangilia. Mafungu yalipounganishwa, tofauti hizo zilififia, na Jung mwenyewe alikubali kwamba kwa hesabu hapakuwa na ushahidi. Alibaki akivutiwa na namna matokeo yalivyojipanga. Mimi navutiwa na jambo la kawaida zaidi: kila fungu lilitoa mshindi wake. Ndivyo hutokea ukitafuta katika mambo mengi kwa mara moja, na ndivyo mnajimu hufanya anapoona Mapacha na Nge hazipatani, kisha akageukia mwezi, Zuhura na nyumba ya saba hadi apate panapopatana.

Upande wa manufaa haujaisha, hata hivyo. Nimewahi kusikia mke akimwambia mumewe, "Hiyo ni Mapacha yako inaongea," na wote wawili wakacheka, jambo ambalo lisingetokea kama angemwambia kwamba anasema sana. Nyota iliuondoa mwenendo kwenye lawama na kuuweka mezani ili utazamwe. Kasoro ya njia hiyo huonekana siku mume anapojibu, "Ndivyo nilivyo, nyota yangu ni hiyo," kwa sababu hapo lugha iliyofungua mazungumzo inatumiwa kuyafunga.

Anayetaka kuendelea kuitumia na aanze kwa kuangalia digrii kabla ya jina la nyota. Ikiwa iko kwenye digrii tatu za mwanzo au za mwisho, na saa ya cheti ni kamili au nusu, asome maelezo ya nyota zote mbili zilizopakana, kisha ampe mwenzake bila kuziandikia majina na amwombe achague inayofanana na mtu anayemwona akiingia mlangoni. Mwenzake akisita, au akisema zote mbili zinafanana, jibu limekwishapatikana.