Kituo cha karibu si lazima kiwe cha kwanza kwenye orodha

*"Wilaya imetupa kazi ya kutafuta kituo cha afya kilicho karibu na kila kijiji. Mwenzangu anasema swali la jirani wa karibu kwenye PostGIS, programu ya hifadhidata ya ramani, linatosha. Mimi naona tusubiri ramani kamili ya barabara. Nani yuko sahihi?"*

Mwenzako ana hoja nzito kuliko unavyodhani, ila amekosea mahali pamoja: ameomba jibu moja tu kwa kila kijiji. Nawe una hoja, lakini hiyo ramani kamili unayoisubiri huku West Nile, Uganda, huenda isifike wakati kazi bado inahitajika.

Nianze na hoja yake. Umbali wa mstari ulionyooka unapimwa kwa namna ileile kila mahali, na yeyote akirudia hesabu atapata jibu lilelile. Ramani ya barabara haina sifa hiyo. Inajua lami na changarawe, lakini njia ya miguu inayokatiza shamba la muhogo, ambayo mama mjamzito na boda-boda hupita kila siku, mara nyingi haimo. Njia moja ikikosekana, kompyuta itakizungusha kijiji kilomita nyingi kwenda kituo ambacho watu hufika kwa nusu saa. Kosa hilo ni baya kwa sababu linaonekana kama kipimo makini kuliko mstari.

Sasa upande wako. Mstari ulionyooka hauoni maji, na wilaya za Adjumani na Moyo zinatenganishwa na Nile ya Albert. Chukua kijiji kilicho ukingoni upande wa Adjumani, mkabala na Laropi. Tuseme kituo A kiko ng'ambo ya mto, kilomita 2.1 kwa mstari. Upande uleule wa kijiji kuna B kwa kilomita 5.4, C kwa 7.9, D kwa 9.6 na E kwa 13. Swali la mwenzako litajibu A bila kusita. Kwa barabara bila kivuko, kufika A ni kushuka kusini hadi daraja la Pakwach na kupanda tena upande wa pili.

Hapa ndipo pa kukumbuka jambo dogo lenye nguvu: njia haiwezi kuwa fupi kuliko mstari ulionyooka. Kwa hiyo mstari hautoi jibu la mwisho, lakini unakuonyesha ni vituo gani huna haja hata ya kuvipima. Omba majirani 5 badala ya 1:

```sql
SELECT v.id, v.jina, k.jina AS kituo, k.mita
FROM vijiji v
CROSS JOIN LATERAL (
  SELECT c.jina, c.geom <-> v.geom AS mita
  FROM vituo c
  WHERE c.daraja >= 3
  ORDER BY c.geom <-> v.geom
  LIMIT 5
) k;
```

Kisha pima njia halisi kwa kijiji chetu. B, iliyokuwa kilomita 5.4 kwa mstari, inageuka 8.4 kwa sababu barabara inazunguka bwawa la matete. Mara moja D na E zimetoka: mistari yao peke yake inapita 8.4, na hakuna barabara itakayoifupisha. C bado ina nafasi, maana mstari wake ni 7.9. Ukiipima unapata 8.1, kwani iko kando ya barabara kuu iliyonyooka. Kwa nchi kavu, basi, aliyeshinda ni wa tatu kwenye orodha. Na kama mstari wa jirani wa tano ungekuwa mfupi kuliko 8.1, ingekubidi uongeze `LIMIT` na kuendelea, kwa kuwa wa sita angeweza kuwapita wote. Hivyo kwa kila kijiji unapima njia chache tu, na unaweza kuzihakiki kwa kumpigia simu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, panapokuwa na shaka.

Hata hivyo, ile tofauti ya mita 300 kati ya B na C nisingeiamini. Kijiji kwenye jedwali ni nukta moja, nayo huwa ni katikati ya eneo au pale kifaa cha kupimia kilipowashwa, wakati nyumba zimetawanyika kilomita moja na zaidi. Ningeandika vituo vyote viwili kwa kijiji hicho. Kulazimisha kimoja ni kuwaandikia nusu ya wanakijiji kituo kisicho chao.

Mstari wa `WHERE` umebeba uamuzi ambao hauko kwenye jiografia kabisa. Kituo cha daraja la pili hutibu wagonjwa wa nje. Wodi ya wazazi inaanza daraja la tatu, na chumba cha upasuaji daraja la nne. (Kwenye mfano huu hospitali zimepewa 5 katika safu ya `daraja`.) Ukiuliza jirani bila kuchuja, vituo vya daraja la pili vitajaza orodha kwa kuwa vimejengwa karibu na watu, na mama mwenye uchungu ataonekana yuko kilomita 3 kutoka msaada ilhali mtu wa kumzalisha yuko kilomita 12. Fanya orodha moja kwa kila huduma. Kuchuja kufanyike ndani ya swali, kabla ya `LIMIT`. Ukichuja baadaye, kijiji kinaweza kubaki bila kituo hata kimoja.

Kabla ya kuamini chochote, tazama safu ya `mita`. Ukiona 0.05 mahali pa maelfu, data bado iko kwenye digrii. Kwetu kosa hili hujificha vizuri: karibu na ikweta digrii moja ya longitudo na moja ya latitudo zote ni kama kilomita 111, hivyo mpangilio wa vituo hutoka karibu sawa ingawa umbali ni upuuzi. Hamisha majedwali yote mawili kwenda EPSG:32636, mfumo unaopima kwa mita, kwanza, uyahifadhi hivyo, kisha uyajengee faharasa ya GiST. Ukiita `ST_Transform` ndani ya `ORDER BY`, faharasa ya kawaida haitumiki, na kila kijiji kitalinganishwa na kila kituo. Na vituo vikiangukia jangwani Algeria, latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi.

Kinabaki kituo A na kivuko chake. Wengine wangekifuta kwa sababu ya mto, na wengine wangekichora kivuko kama kipande cha barabara. Yote mawili nayapinga. Watu wa ukingoni huvuka, kwa hiyo kukifuta ni kuficha wanakokwenda. Lakini kivuko kilichochorwa kama barabara hakina foleni wala saa ya kufunga, na uchungu wa usiku wa manane haungoji asubuhi. Kwenye jedwali la kijiji hicho ningeweka safu mbili: mchana, A, pamoja na dakika za kungoja kivuko kama walivyozitaja wenyeji; usiku, B au C, kufuatana na upande wa kijiji ambako nyumba iko.